Ngozi ya Chuma: Mkazo Uliosalia, Gololi Ndogo, na Springi za Malori ya Chumvi

Mhadhara uliotolewa Kilifi mbele ya mafundi, walimu, wanafunzi na wenye magari

  

Nimeombwa nizungumzie mkazo unaosalia ndani ya chuma hata kikiwa kimelala mezani bila mzigo, na ile kazi ya viwandani ya kukipiga chuma kwa gololi ndogo ili kisichoke haraka. Jambo hili ni pana, kwa hiyo nitalifunga kwenye kitu kimoja mnachokijua: springi ya majani ya lori linalopakia chumvi Gongoni na Marereni na kuiteremsha hadi Mombasa. Gia nitazigusa baadaye. Nataka mtu akitoka hapa ajue kwamba maisha ya springi hiyo yako mikononi mwa tabaka la juu lisilofika nusu milimita, ajue ni nini kinacholiweka tabaka hilo, na ajue sisi wenyewe tunaliondoa vipi, mara nyingi kwa nyundo na kwa nia njema.

Hoja ya kwanza: springi haiuawi na uzito, inauawa na kurudiarudia

Dereva akikatikiwa na springi, neno la kwanza ni kwamba gari lilizidishiwa mzigo. Huenda ni kweli. Lakini tazameni kipande hiki nilichokiweka mezani. Kipitisheni mikononi, si kizito. Ni jani la springi lililokatika karibu na senta bolti. Kwenye uso wa mkato kuna sehemu mbili. Kubwa ni ya chengachenga, imekwaruzika na inametameta. Ile ndogo, iliyo upande wa juu karibu na ukingo, ni laini, na ndani yake kuna mistari iliyopinda ikifuatana, kama ile ambayo maji ya bahari huiacha mchangani yanapokupwa. Mistari hiyo inaonyesha ufa ulipopumzika na ulipoendelea. Kila mmoja unazunguka nukta moja, na kwenye nukta hiyo kuna shimo la kutu dogo kama kichwa cha pini. Jani hili lilianza kufa zamani. Siku lilipokatika ilikuwa siku ya kumalizia tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Lori likitembea kilomita 60 kwa saa hutumia saa 2, yaani sekunde 7,200. Gari lenye mzigo huinuka na kushuka juu ya springi zake kati ya mara moja na mara mbili kwa sekunde. Hiyo ni kama mipindo 10,000 kwa safari moja, mikubwa na midogo pamoja, kabla hatujahesabu matuta. Safari 100 ni mipindo milioni moja. Chuma kinachoweza kubeba mzigo fulani mara moja, au hata mara elfu moja, bila kujali, kinaweza kushindwa na mzigo mdogo zaidi ya huo ukirudiwa mara milioni. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, aliyathibitisha haya karne ya 19 kwa kuzungusha ekseli za mabehewa kwenye mashine hadi zikatike na kuhesabu mizunguko yake. Jambo hilo tunaliita uchovu wa metali.

Kwa nini ufa ulianzia juu? Springi ya lori imepinda: ncha zake mbili ziko juu, zimeshika chesisi, na katikati yake iko chini, imefungwa kwenye ekseli. Mzigo ukiingia, jani hunyooka. Linaponyooka, uso wa juu, ule wa bondeni, huvutwa urefuke, na uso wa chini hubanwa ufupike. Ufa unahitaji kuvutwa ili ufunguke. Upande unaobanwa hauupi nafasi. Basi muuaji wa springi hukaa uso wa juu, na huanzia ngozini kwa sababu ngozi ndiyo inayovutwa zaidi, na ndiko kuliko na mikwaruzo, kutu na alama za nyundo.

Hoja ya pili: chuma kinaweza kubanwa kabla ya kazi, na mkazo huo ukabaki

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua gololi ya chuma ya milimita moja hivi, irushe kwa kasi ya mita 60 au 80 kwa sekunde ipige uso wa jani. Inaacha kibonyeo kidogo cha mviringo. Chuma kilicho chini ya kibonyeo kimelazimishwa kutanuka pembeni, na kimetanuka moja kwa moja, hakirudi. Sasa rusha gololi maelfu kwa maelfu mpaka vibonyeo vipandane na uso wote ufunikwe. Ngozi nzima inataka kuwa pana kuliko ilivyokuwa. Lakini imeshikana na kiini cha jani ambacho hakikuguswa, na kiini hakikubali kutanuka. Kinachobaki ni ngozi iliyobanwa na kiini kinachovutwa kidogo, vikisukumana milele bila mzigo wowote wa nje. Huo ndio mkazo uliosalia.

Kwa chuma cha springi chenye nguvu ya megapaskali 1,400 hivi, mkazo wa kubana unaopatikana ngozini ni takriban nusu ya nguvu hiyo, na unashuka mpaka kuisha kwenye kina cha milimita 0.2 hadi 0.5 kutegemea ukubwa wa gololi na kasi yake. Kwa wasiozoea kipimo hiki, megapaskali 10 ni kama uzito wa kilo moja juu ya milimita moja ya mraba.

Tufanye mfano. Tuseme jani lina unene wa milimita 12, na lori likiwa limepakia na kusimama, uso wa juu unavutwa kwa megapaskali 500. Barabarani mkazo huo unapanda na kushuka kwa 200, yaani unacheza kati ya 300 na 700. Sasa tupige gololi na tupate ngozi iliyobanwa kwa 500, bila kudai sana. Mikazo hii miwili inajumlishwa. Ngozi iliyokuwa ikicheza kati ya 300 na 700 sasa inacheza kati ya kubanwa kwa 200 na kuvutwa kwa 200. Angalieni vizuri: mchezo wenyewe haukupungua, bado ni 400 kutoka chini hadi juu. Kilichobadilika ni kwamba nusu ya muda ufa umefumbwa mdomo, na hata ukifunguka unavutwa kwa 200, si kwa 700. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ufa unaotembea na ufa unaolala.

Mtu atauliza, na ni haki yake: kama ngozi imebanwa, si kiini kinavutwa zaidi? Kinavutwa, ndiyo. Lakini ngozi ya milimita 0.3 inagawana na unene wa karibu milimita 12, kwa hiyo ongezeko hilo ni makumi machache tu ya megapaskali. Kwenye kina cha milimita 0.3, mzigo wa barabara bado uko karibu asilimia 95 ya ule wa juu, hivyo hatukuumaliza ugonjwa wa uchovu. Tumeufukuza uende ndani, kusikokuwa na hewa, chumvi, mikwaruzo wala alama za nyundo. Ufa ukitaka kuzaliwa huko utafute kasoro ya kiwandani, punje ya uchafu ndani ya chuma, na katika chuma kizuri hizo ni chache.

Viwanda vya springi hufanya hila moja zaidi. Hulipinda jani kwanza kuelekea upande ambao mzigo utalipinda, likashikiliwa hivyo, ndipo linapigwa gololi uso wa juu. Likiachiwa, ngozi hubanwa zaidi kuliko kama lingepigwa limelala tu. Kisha springi iliyokamilika hukandamizwa na mashine kupita mzigo wake wa kazi, ikalala kidogo na kubaki hivyo. Kukandamiza huko nako kunaacha mkazo wa kubana upande wa juu. Likumbukeni hili la mwisho, nitalirudia.

Hoja ya tatu: gololi zisizopimwa ni bahati nasibu

Ukitazama jani lililopigwa huwezi kuona mkazo. Unaona vibonyeo tu. Ndiyo maana kazi hii ilikosa nidhamu mpaka kikapatikana kipimo. Miaka ya 1940, John Almen wa maabara ya General Motors huko Marekani alileta njia rahisi mno, na mwaka 1944 akapewa hataza yake. Ni kibapa cha chuma cha springi chenye urefu wa milimita 76, upana wa 19, na, kwa kile kinachoitwa kibapa A, unene wa milimita 1.29. Kinafungwa kwa skrubu 4 juu ya bamba nene, kinapigwa gololi upande mmoja, kisha kinafunguliwa. Kikifunguliwa, kinapinda chenyewe, uso uliopigwa ukiwa mgongoni, kwa sababu ngozi yake inataka kutanuka na sasa hakuna cha kuizuia. Unapima kimo cha mpindo huo kwa geji ya saa. Mkazo ambao jicho haliuoni umegeuka milimita.

Kazi haiishii kwa kibapa kimoja. Unapiga vibapa kadhaa kwa muda tofauti. Tuseme mipito 2 inakupa kimo cha milimita 0.34, mipito 4 inakupa 0.39, na mipito 8 inakupa 0.41. Kutoka 2 hadi 4 kimo kimeongezeka kwa asilimia 15 hivi. Kutoka 4 hadi 8 kimeongezeka kwa asilimia 5 tu. Kanuni inasema umefika pale ambapo ukiuzidisha muda mara mbili kimo hakiongezeki zaidi ya asilimia 10. Basi mashine hii imefika mahali fulani kati ya mipito 2 na 4, na kimo cha mahali hapo ndicho unachoandika kwenye daftari kuwa ukali wa kazi. Ukali ni sifa ya mkondo wa gololi. Jani lenyewe unalikagua kando, kwa lenzi ya kukuza mara 10, kuhakikisha hakuna mahali palipobaki bila kibonyeo.

Vijana wanaopiga mchanga kwenye maboti watasema wao wanayo kompresa na bomba tayari. Wanangu, hapana. Mchanga una makali. Unakata chuma, unaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni kitanda cha ufa. Gololi lazima ziwe za mviringo na ngumu angalau sawa na jani, na zilizovunjika lazima zichekechwe ziondolewe, maana kipande chenye ncha kinafanya kazi ya mchanga.

Kosa jingine ni kupiga gololi jani kuukuu lenye ufa tayari. Gololi hufumba mdomo wa ufa, na ukaguzi wa rangi au wa unga wa sumaku unaweza kuupita usiuone. Ukaguzi hutangulia, gololi hufuata.

Hoja ya nne: chumvi, moto na nyundo

Sasa tuje nyumbani. Tabaka letu lina milimita 0.3. Ni nini kinacholila hapa pwani?

La kwanza ni kutu. Lori la chumvi hukaa kwenye vumbi la chumvi Gongoni, hupita kwenye unyevu wa bahari, na maji ya chumvi yanayovuja kutoka kwenye magunia huingia katikati ya majani na kukaa humo. Kutu ya chumvi hailambi uso sawasawa, huchimba vishimo. Kishimo cha milimita 0.1 bado kimo ndani ya ngozi iliyobanwa, na ufa ukianza hapo utakuta umefumbwa. Kishimo cha 0.3 kimetoboa ngozi hadi upande wa pili, na kazi yote ile ambayo kiwanda kililifanyia jani ni kama haikufanywa. Kipande kilicho mezani kina kishimo cha namna hiyo. Kuosha springi kwa maji baridi baada ya safari za chumvi na kurudisha rangi panapobanduka ni kazi ya kulinda milimita hizo 0.3, hata kama tanboi anaona ni usafi tu.

La pili ni moto. Mkazo uliosalia katika chuma cha springi huanza kulegea jani likipita nyuzijoto 250 hivi. Anayechomelea kipande karibu na jani, au anayepasha jani kwenye mkaa ili alipinde, ameuondoa mkazo wote hapo, na kama jani limekuwa jekundu kisha likapoa lenyewe hewani, ameondoa na ugumu wake pia. Tena moto wa mkaa na hewa hula kaboni ya ngozini, ikabaki laini mahali palipotakiwa kuwa pagumu. Jani lililopashwa namna hiyo linahitaji kuanzwa upya: kupashwa kwa kipimo, kuzamishwa kwenye mafuta, kupashwa tena kiasi, ndipo gololi.

La tatu ni nyundo, na hapa naomba mafundi wasinikasirikie, maana wengi wanaamini kupiga jani bila moto hakuna madhara. Springi imelala, mteja anataka iinuke. Fundi anaweka jani juu ya vyuma viwili, bonde likitazama juu, anapiga katikati mpaka lipinde zaidi. Tufikirie kinachotokea. Wakati wa kupindwa, uso wa bondeni umebanwa mpaka ukafupika moja kwa moja. Nyundo ikiinuka, jani linarudi nyuma kidogo, na kurudi huko kunauvuta uso ule uliofupika. Unabaki na mkazo wa kuvuta upande wa juu, ule ule ambao mzigo utauvuta. Kiwanda kilikuwa kimekandamiza springi ili kuacha mkazo wa kubana. Fundi ameipinda kinyume na kuacha kinyume chake. Turudi kwenye mfano wetu. Ngozi iliyokuwa na kubanwa kwa 500 sasa huenda ina kuvutwa kwa 200. Barabarani itacheza kati ya 500 na 900. Kisha ongeza alama za nyundo zenye kingo kali. Ndiyo sababu springi zilizoinuliwa kwa nyundo hukaa wiki chache zikalala tena, au zikakatika karibu na pale zilipopigwa.

Wapo watakaosema: lakini nyundo nayo inapiga uso, si sawa na gololi? Chini ya kila alama ya nyundo kuna mahali palipobanwa, kweli. Lakini alama ziko mbalimbali, na katikati yake chuma kimevutwa. Gololi inafaa kwa sababu haiachi katikati.

Hoja ya tano: jino la gia

Nitakuwa mfupi. Jino la gia ya difu hupindwa kila linapobeba mzigo, na shina lake, pale linapokutana na mwili wa gia, huvutwa upande mmoja. Gia nzuri huwa imekwisha kupewa kaboni ngozini na kuzamishwa ikawa ngumu, na kazi hiyo peke yake huacha kubanwa kiasi. Gololi zikielekezwa kwenye shina huongeza kubanwa huko karibu na uso, mahali ufa wa kupinda unapozaliwa.

Lakini jino lina ugonjwa wa pili, vishimo vinavyotokea kwenye uso linapogusana na jino jingine. Huko mkazo mkubwa uko chini ya ngozi, na vibonyeo vya gololi vinaweza kuukwaruza uso unaohitaji kuwa laini ili mafuta yakae. Ndiyo maana viwanda hulenga shina, na uso wa kugusana mara nyingi husagwa au kung'arishwa baadaye, kwa tahadhari, maana kusaga kupita kiasi huondoa ngozi yenyewe. Fundi akikuambia difu imekufa, uliza kwanza jino limekatikia shinani au limechimbika usoni. Gololi ni dawa ya la kwanza.

Tuendako

Sitawaambia mnunue mashine kesho. Ila kuna mambo yanayowezekana hapa Kilifi na Malindi kwa vifaa vilivyopo.

Anayenunua jani jipya akwangue rangi kidogo upande wa bondeni na atazame kwa lenzi. Jani lililopigwa lina vibonyeo vya mviringo vilivyopandana kila mahali. Lisilopigwa lina ngozi ya tanuri, au ni laini tupu. Bei zake zisiwe sawa.

Gereji zenye presi ya majimaji, na zipo, ziache kuinua springi kwa nyundo peke yake. Jani lipindwe kupita kimo kinachotakiwa, kisha ligeuzwe na kukandamizwa kuelekea upande wa mzigo mpaka lilale kidogo na kufika kimo chake. Kupinda kwa mwisho ndiko kunakoamua aina ya mkazo unaobaki, na kupinda huko kutakuwa kwa upande sahihi. Hakutoshi kama gololi, na jani lenye vishimo vya kutu halifai hata kwa hilo.

Vyuo vya ufundi vinaweza kufanya jaribio ambalo ningependa kusikia matokeo yake. Chukueni majani 12 ya aina moja yaliyolala, yakaguliwe yasiwe na ufa. Manne yainuliwe kwa nyundo, manne kwa presi kama nilivyoeleza, manne yabaki yalivyo. Yafungwe kwenye malori ya njia moja, Marereni hadi Mombasa, yapigwe namba, na kila mwezi tanboi apime kimo na kuandika. Likikatika lolote, lisitupwe. Lioshwe kwa dizeli, likaushwe, mkato wake ufunikwe grisi ili usishike kutu, na liletwe na namba yake. Nimezungumza na wenye malori wawili hapa ndani kabla hatujaanza, na wamekubali kutoa magari. Mwalimu wa warsha yuko pale nyuma na daftari. Anayetaka jina lake liingie, amwone kabla ya chai.